Sabuni ya Mia Mbili

Kilichonifungua macho kilikuwa kijiko. Kilikuwa kijiko cha chakula, cha bati, kimechomekwa ndani ya pakiti yetu ya nusu kilo katika duka moja la kijiji wilayani Kongwa, mwanzoni mwa mwaka 2020. Pakiti ilikatwa kichwa kwa mkasi, ikakunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Mwenye duka, mama wa makamo, hakuona haja ya kuificha. Aliniambia tu kwamba watu wa pale hawanunui pakiti nzima, kwa hiyo anawapimia vijiko viwili kwa shilingi mia mbili na kuwafungia kwenye karatasi ya daftari. Zamani alikuwa anatumia vifuko vya nailoni, lakini mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 akaiacha.

Mimi nilikuwa nimetumwa pale na kiwanda kidogo cha sabuni ya unga cha Dar es Salaam kutazama kwa nini mzigo wetu hautembei. Mjini tulikuwa tunaenda vizuri. Pakiti za nusu kilo na kilo moja zilikaa kwenye rafu za maduka makubwa na kwa wauza jumla wa Kariakoo, na mteja wa mjini alizijua kwa rangi yake. Ulipofika wakati wa kwenda Dodoma na Singida tulifanya kile ambacho kila kampuni ya mjini hufanya kwanza: tukaichukua pakiti ya mjini na kuipunguza. Nusu kilo iligawanywa kwa tano, ikawa pakiti ya gramu 100, na bei yake ya shilingi 2,500 nayo ikagawanywa kwa tano, ikawa shilingi 500. Mchoro ulikuwa uleule, maneno yaleyale, mashine ya kufulia ileile kwenye kona ya pakiti. Tuliiita pakiti ya kijijini. Haikuwa ya kijijini hata kidogo. Ilikuwa pakiti ya mjini iliyofupishwa.

Katika duka lile pakiti zetu za gramu 100 zilikuwa zimening'inizwa mlangoni, zimepigwa na jua mpaka rangi ya bluu imegeuka kijivu. Kumbe pakiti ya nusu kilo, ambayo hatukuwa tumeipeleka kule sisi wenyewe, mama yule alikuwa anaifuata kwa muuza jumla mjini Dodoma, anarudi nayo kwenye basi. Nilimwomba anieleze hesabu yake na akanieleza bila kusita. Nusu kilo anainunua 2,200. Akipima kwa kijiko anapata mafungu kumi na manne ya mia mbili, yaani 2,800. Faida yake ni 600. Sisi tulikuwa tunamuuzia pakiti ya gramu 100 kwa 440 ili aiuze 500. Akiuza tano, ambazo ni nusu kilo ileile, faida yake ni 300. Kwa maneno mengine, kijiko kilikuwa kinamlipa mara mbili ya pakiti tuliyomtengenezea, na mteja wake alikuwa anapata kiasi anachokitaka kwa sarafu aliyonayo.

Nilikaa pale siku nne badala ya moja. Nilikuwa na mizani ndogo ya kupimia vito niliyoinunua Kariakoo, nikawa nampimia kila fungu kabla hajalifunga. Mengi yaliangukia kati ya gramu 32 na 37. Halafu nikawafuata wateja wawili watatu nyumbani, kwa ruhusa yao, nikaona yale mafungu yanakwenda wapi. Yalikwenda kwenye beseni moja lenye maji ya lita kumi hivi, nusu ya ndoo ya kawaida. Ndani ya beseni lile ziliingia kwanza mashati meupe ya shule, kisha kanga na vitenge, kisha nguo za shambani, na maji yaliyobaki yakasuguliwa sakafu. Fungu la mia mbili lilikuwa ni ufuaji mmoja, kamili, bila kubaki. Pakiti yetu ya gramu 100 ilikuwa ufuaji karibu mara tatu, na nyumba isiyo na kabati, yenye watoto na kuku, haina mahali pa kuweka pakiti iliyofunguliwa. Unga hunyonya unyevu, hugeuka jiwe, au humwagika.

Kwa hiyo ukubwa wa bidhaa haukutokana na kugawanya pakiti ya mjini. Ulitokana na vitu viwili ambavyo havikuwa vyetu: beseni na sarafu. Tanzania sarafu zinazotembea ni za 50, 100, 200 na 500. Bei ya 250 kijijini ni bei ya kugombania chenji. Bei ya 180 haipo kabisa, kwa sababu mwenye duka atampa mtoto pipi badala ya ishirini, na mama wa mtoto atakasirika. Beseni likasema gramu 35, sarafu ikasema mia mbili, na kwa bahati vilikutana. Si kila bidhaa hukutana hivyo. Nimewahi kuona mafuta ya kujipaka ambayo kiasi cha sarafu hakitoshi hata siku mbili, na hapo hakuna ujanja wa pakiti utakaosaidia. Bidhaa ile bado ni ghali mno kwa soko lile.

Niliporudi Dar na pendekezo la pakiti ya gramu 35 kwa mia mbili, kazi ngumu ikaanza, maana sasa tulilazimika kuhesabu kwa kurudi nyuma. Mjini huwa unajumlisha gharama, unaongeza faida, unapata bei. Kule bei umeshapewa. Unaanza na mia mbili na kutoa.

Pakiti zilishonwa kwa mkanda wa kumi na mbili, unaoning'inizwa na kuchanwa moja moja. Mkanda mzima dukani ni 2,400. Mara ya kwanza tulitaka mwenye duka aununue kwa 2,150, apate 250. Nilimpelekea yule mama wa Kongwa mikanda mitatu ya majaribio. Aliipokea kwa heshima, akaiuza, na aliporudi mjini akanunua nusu kilo na kuendelea na kijiko chake. Hakuwa na ubaya. Gramu zilezile kwa kijiko zilimpa karibu mia tano. Tukashuka mpaka 2,000, apate 400 kwa mkanda, na hapo akakubali, kwa kuwa hana tena kazi ya kupima, hamwagi, na unga hauharibiki mvua ikinyesha. Tofauti ya mia moja aliiona ni malipo ya usumbufu aliouepuka. Ile elfu mbili pia ilikuwa na faida ambayo hatukuifikiria: ni noti moja. Mwenye duka mdogo ambaye hawezi kutoa elfu ishirini kwa katoni anaweza kutoa noti ya elfu mbili kwa mkanda mmoja, leo, kwa kijana wa bodaboda anayepita.

Muuza jumla alinunua katoni ya mikanda kumi kwa 19,000 na kuiuza 20,000. Hapo kiwanda kinabaki na shilingi 158 kwa kila pakiti. Ondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inabaki 134. Unga wenyewe, wakati ule, ulitugharimu 2,400 kwa kilo, kwa hiyo gramu 35 ni 84. Karatasi ya plastiki iliyochapwa ni 22. Katoni na kazi ya mikono 8, gari mpaka Dodoma 8. Kilichobaki ni shilingi 12.

Na hata hizo kumi na mbili hazikuwa zetu zote. Mashine yetu ya kujaza ilikuwa ya vikombe: inapima ujazo, haipimi uzito. Unga uliotoka siku hiyo ukiwa mwepesi, kikombe kilekile kinatoa gramu 33. Ukiwa umeshindiliwa kwenye gunia, kinatoa 37. Katika pakiti ya kilo moja gramu mbili hazina maana. Katika pakiti ya gramu 35 ni kitu kikubwa, na ukiandika 35 halafu mtu wa Wakala wa Vipimo akaikuta na 33, umemwibia mteja na sheria iko upande wake. Njia pekee kwa mashine ile ilikuwa kuilenga gramu 36 na nusu, na kupima pakiti kumi kwa mizani kila nusu saa na kurekebisha, ili hata zile nyepesi zisishuke chini ya kilichoandikwa. Gramu moja na nusu ya bure kwa kila pakiti ilitula shilingi tatu na senti. Tukabaki na nane. Watu wa fedha walisema hiyo si biashara. Ilikuwa biashara, kwa sharti kwamba pakiti ziende kwa maelfu ya mikanda na gari lisirudi tupu. Tulianza kupakia alizeti za mtu mwingine kurudi nazo, na ndipo hesabu ya gari ikakaa.

Kuna jambo katika hesabu hii ambalo lilinisumbua na bado linanisumbua. Kilo moja mjini ilikuwa 4,500. Mtu wa kijijini anayenunua kwa mia mbili mia mbili, akifikisha kilo, ametoa zaidi ya 5,700. Mwenye kipato kidogo analipa zaidi kwa kila gramu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaishia kwenye karatasi ya plastiki na kazi ya kujaza, vitu ambavyo yeye anavitupa. Na anavitupa kweli: karatasi ile ina tabaka zaidi ya moja zilizogandishwa pamoja, wanaokusanya plastiki hawainunui, na baada ya miezi michache niliziona zetu zimezagaa kuzunguka kisima. Tulijaribu njia ya ndoo: kumpa mwenye duka ndoo kubwa yenye mfuniko na kikombe chenye alama ya gramu 35, mteja aje na kopo lake. Bei ingeshuka. Lakini katika vijiji viwili kati ya vitano tulikuta unga umechanganywa na chumvi, na mteja aliyefulia unga ule hakumlaumu mwenye duka, alililaumu jina letu. Tuliiacha. Naamini bado ipo njia ya ndoo inayofanya kazi kwa wenye duka unaowajua na kuwatembelea, ila haikufanya kazi kwa kampuni inayopita mara moja kwa mwezi.

Sasa nije kwenye maneno, maana huko ndiko tulikopotea zaidi.

Tangazo letu la mjini lilisema mambo mawili: povu jingi, na harufu inayodumu. Tulilipeleka vilevile kwenye minada, kwa gari lenye spika. Mnada wa kwanza nilisimama kwenye meza na beseni, nikamwaga pakiti, nikavuruga kwa mkono, povu likapanda mpaka ukingoni. Vijana walishangilia. Kina mama walitazama na kuondoka. Mmoja alibaki. Akaniuliza, "Mwanangu, hilo povu lote utalitoa kwa maji ya nani?"

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda kisimani. Pale ndoo ya lita ishirini ya maji ya kisima kirefu ilikuwa shilingi 50, ukiacha mwendo na foleni. Nguo zenye povu jingi zinahitaji kusuuzwa mara tatu au nne badala ya mbili. Ndoo mbili za ziada ni shilingi mia moja, nusu ya bei ya sabuni yenyewe, na kichwa cha kuzibeba. Mjini povu ni sifa kwa sababu bomba liko pembeni na bili inakuja mwisho wa mwezi. Kule povu ni gharama inayolipwa papo hapo. Tulikuwa tunasimama juu ya meza tukitangaza kwa sauti kubwa sababu ya kutoinunua bidhaa yetu.

Maji yenyewe nayo yana habari yake. Visima vingi vya Dodoma na Singida vina maji ambayo watu huyaita ya chumvi. Yana madini ya chokaa na magnesi, na sabuni ya mche ikikutana nayo, sehemu ya sabuni hushikamana na madini hayo na kuwa utando mweupe unaoelea, unaoganda kwenye beseni na kuifanya nguo nyeupe iwe ya kijivu. Ndiyo maana mama hulisugua shati la shule kwa mche mpaka kipande kinaisha na shati bado halijang'aa. Sabuni ya unga imetengenezwa tofauti: kiambato chake cha kutoa uchafu hakigandi kwa chokaa kirahisi namna hiyo, na ndani yake kuna magadi ya kiwandani yanayoyakamata madini kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa faida yetu ya kweli pale, na haikuwa imeandikwa popote kwenye pakiti. Mjini Dar hakuna aliyewahi kutuuliza habari ya maji ya chumvi, kwa hiyo hatukuwahi kuisema.

Tulibadilisha maonyesho. Tuliacha kubeba maji yetu kwenye madumu. Asubuhi ya mnada tulikwenda kuchota kisima kilekile kinachonywewa na kijiji, mbele ya watu, na kumwomba mama mmoja afue yeye, si sisi. Mabeseni mawili, shati moja jeupe lililochakaa likikatwa katikati, nusu kwa mche na nusu kwa unga. Mama aliloweka nusu ile ya unga kwa muda wa kunywa chai, hakuisugua sana, akaisuuza kwa maji mara mbili tu. Kuloweka ndiko kulikobadilisha mambo. Watu walikuwa wanatumia unga kama wanavyotumia mche, wanamwaga na kusugua palepale, wanaongeza unga wakiona uchafu haujatoka, kisha wanahangaika na povu na mikono inababuka. Ukiloweka nusu saa, kiasi kidogo kinatosha, povu linakuwa limeshatulia lenyewe, na mikono inapona.

Maneno mapya ya pakiti yakawa mafupi: pakiti moja, beseni moja, loweka, suuza mara mbili. Chini yake, maji ya chumvi yanafaa. Picha ya mashine ya kufulia iliondoka, ikaingia picha ya beseni lenye mstari unaoonyesha maji yafike wapi, na shati jeupe la shule ya msingi.

Lile shati lilikuja baada ya mabishano makali ofisini. Wenzangu walitaka kumshinda mche moja kwa moja. Nilikataa, na nadhani nilikuwa sahihi. Kipande cha mche kijijini kinafua, kinaosha vyombo, kinaogesha mtoto. Unga hauwezi kazi hizo, na ukimwambia mama aache kipande chake anunue unga, umemwambia aoshe vyombo kwa kitu gani? Tuliomba nafasi ndogo: Jumamosi, siku ya sare za shule, na nguo za kuendea kanisani au msikitini. Siku nyingine mche uendelee. Mwenye duka aliniambia baadaye kwamba mikanda yake huchanwa Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, na siku za katikati inaning'inia tu. Tulipolijua hilo tukabadili siku ya gari, likawa linapita Jumatano na Alhamisi.

Na kwa siku nne zile nilizokaa dukani niliona jambo jingine ambalo hakuna utafiti wa ofisini uliokuwa umeniambia. Wengi waliokuja kununua sabuni hawakuwa kina mama. Walikuwa watoto waliotumwa, wameshika sarafu mkononi. "Shikamoo. Mama kasema unipe sabuni ya mia mbili." Hakuna aliyetaja jina. Bei ndiyo ilikuwa jina. Na anayesikia "sabuni ya mia mbili" na kuchagua aichane ya kampuni gani ni mwenye duka. Tulikuwa tumetumia fedha nyingi redioni kumshawishi mama, wakati uamuzi ulikuwa unafanywa na mtu mwingine, kwa sekunde mbili, akitazama ni mkanda gani uko karibu na mkono na upi unamlipa.

Kwa hiyo sehemu ya fedha ya redio ikahamia dukani. Hatukutoa zawadi wala fulana. Tulitoa misumari miwili na waya wa kutundikia mkanda ndani ya duka, usawa wa mkono, mahali jua halifiki, na ahadi kwamba mkanda wowote wenye pakiti iliyovuja tunaubadilisha mzima bila maswali. Kuvuja kulikuwa tatizo halisi. Vumbi la unga likiingia kwenye ukingo wakati mashine inaufunga kwa moto, lakiri haishiki, na barabara ya vumbi inaimalizia. Kiwandani tulizoea kuikamua pakiti kwa vidole na kuisikiliza; iliyo salama inakaza, mbovu inapumua. Kijijini pakiti moja ikipumua, mkanda wote unachafuka unga, na mteja anaona zote ni mbovu. Mara nyingi ahadi ya kubadilisha ilitugharimu kidogo kuliko tangazo moja la redio, na ndiyo iliyotupa ule msumari wa karibu na mkono.

Kuhusu watoto, tulifanya jambo moja: tukabadilisha rangi ili kila pakiti ya mia mbili iwe na mstari mpana wa manjano juu. Baada ya msimu mmoja nikaanza kusikia, "ile ya manjano ya mia mbili". Jina letu, lile la Kiingereza lililoandikwa kwa herufi za kupinda, sijawahi kulisikia likitamkwa kule hata mara moja.

Pakiti ndogo haikuwa jibu la mwaka mzima, na hili tulichelewa kuliona. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili au hivi. Januari hadi Machi akiba imekwisha, ada na madaftari vimechukua kilichobaki, na hata mia mbili inafikiriwa. Duka linaendeshwa na daftari la madeni. Kuanzia Juni, mahindi ya Kibaigwa na alizeti za Singida zikianza kuuzwa, mtu yuleyule anashika laki kadhaa kwa siku moja. Mwaka wa kwanza tuliendelea kumpelekea mikanda wakati anataka kununua kikubwa akaweke ndani. Mwaka wa pili, miezi ya Juni mpaka Septemba tulipeleka ndoo ya plastiki yenye kilo tatu na mfuniko. Wengi walinunua ndoo kwa ajili ya ndoo, ya kuchotea maji, na sioni ubaya wowote, kwa sababu kwa kila gramu walilipa bei karibu na ya mjini. Nilijifunza kumuuliza mwenye duka swali moja kabla ya kupakia gari: wiki hii watu wanakuja na sarafu au na noti?

Mwaka 2022 bei za malighafi zilipanda vibaya. Kilo ya unga iliyotugharimu 2,400 ikafika 3,000. Ile nane yetu ikageuka hasara ya kumi na nne kwa kila pakiti. Mia mbili huwezi kuifanya mia mbili na ishirini. Ofisi ikaamua kushuka kutoka gramu 35 mpaka 30, ndani ya pakiti ileile, gramu zikiandikwa kwa nyuma kama zamani. Nilikuwa kwenye kikao kile na sikupinga.

Haikuchukua wiki tatu. Yule mama wa Kongwa alinipigia simu. Alikuwa ameshika mkanda na kuutikisa, unga unacheza ndani. "Mmejaza upepo," alisema. "Watoto wanarudishwa na mama zao na pakiti mkononi, wanasema mimi nimeipunguza." Hilo ndilo lililoniumiza. Sisi tulipunguza, na aliyetuhumiwa wizi na majirani zake ni yeye.

Nilijaribu mwenyewe kufua kwa gramu 30 kwenye beseni la lita kumi la maji ya kisima kile. Mashati yalitakata, kanga zilitakata, nguo za shambani zikagoma. Kwa lita nane zilitosha zote. Tulikata karatasi iwe fupi ili pakiti ijae tena, jambo lililotupunguzia na gharama, tukahamisha maandishi ya gramu 30 mbele kwa herufi kubwa kuliko jina, tukashusha mstari wa maji kwenye picha ya beseni. Pembeni tukaweka pakiti ya gramu 50 kwa mia tatu kwa anayetaka nguvu ya zamani na zaidi. Hiyo ya mia tatu haikuuzika sana. Sarafu mbili ni nyingi mkononi mwa mtoto, moja hudondoka njiani.

Nilipita dukani kwake mwezi uliofuata kumwomba radhi, na kumpelekea karatasi kubwa ya kubandika ukutani inayosema kwamba kiwanda ndicho kilichopunguza gramu, tangu tarehe ipi, na kutoka ngapi hadi ngapi. Aliisoma mara mbili, akauliza kama namba ya simu iliyoandikwa chini ni yangu kweli. Nikamwambia ni yangu. Akachukua misumari minne, akaibandika mlangoni, pale palipokuwa na pakiti zetu za kwanza zilizopauka.